Kokoto na Kalenda ya Ukutani: Bibi Anavyopanga Mavuno ya Juni

Kwetu Mbozi, mkoani Songwe, Juni inaingia na baridi, vumbi na kazi tatu kwa mpigo. Maharage yaliyopandwa Februari na Machi yamekauka shambani na maganda yako tayari kupasuka. Kahawa imeanza kuwa nyekundu. Mahindi yamesimama makavu yakingoja kuvunjwa. Katika nyumba nyingi watu wanaamka, wanaulizana "leo tunaenda wapi?", na shamba la yule mwenye sauti kubwa ndilo linalopata watu siku hiyo. Kwa Bibi, mama mzaa baba yangu, swali hilo haliulizwi. Anayetaka kujua aende wapi anatazama kalenda iliyotundikwa kando ya mlango wa jikoni.

Bibi anasoma kwa kuvuta maneno, lakini kwa hesabu humpati. Vifaa vyake ni kopo la maziwa ya unga lililojaa kokoto za mtoni, bakuli moja la udongo, kalamu ya wino na kalenda. Nitaeleza jinsi alivyopanga Juni ya 2025, hatua kwa hatua na kwa hesabu zake mwenyewe, ili anayetaka kujaribu kwake ajue pa kuanzia na ajue pia ni wapi mpango huu unaweza kuvuja.

Kwanza: kalenda inayofaa

Kalenda ya karatasi moja yenye miezi yote kumi na miwili haifai, visanduku vyake havitoshi hata punje ya mahindi. Bibi anatumia ile ya kufunua, mwezi mmoja kwa ukurasa, yenye visanduku ambavyo kokoto nane zinaweza kukaa bila kumwagikia jirani. Kama huna, chora mwenyewe nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana: safu saba za siku na mistari mitano au sita ya wiki.

Kokoto hazikai ukutani, kwa hiyo siku ya kupanga kalenda inashushwa na kulazwa juu ya mkeka. Kokoto ni za kupangia, kwa sababu unaweza kuzihamisha mara kumi bila kufuta chochote. Wino unakuja mwishoni, watu wote wakishakubaliana. Nimeona waliojaribu kuruka hatua hii wakaandika moja kwa moja kwa kalamu. Kufikia tarehe kumi kalenda yao ilikuwa mikwaruzo mitupu na hakuna aliyejua neno la mwisho ni lipi.

Pili: kokoto moja ni nini

Kwa Bibi kokoto moja ni nusu siku ya mtu mmoja. Nusu ya kwanza inaanza jua likichomoza hadi saa sita, na ya pili inaanza saa nane hadi jua linapopoa. Nilimwuliza kwa nini asihesabu siku nzima, ingekuwa rahisi zaidi. Akanijibu, "Mwanangu, anayepika ana siku nzima wapi?"

Jibu hilo lina uzito, maana hapo ndipo mipango mingi ya mavuno inapoanza kudanganya. Mtu anahesabu vichwa: tuko sita, kwa hiyo kazi ya watu sita. Lakini katika hao sita kuna anayechota maji, anayepika, anayeosha vyombo na anayekwenda kusaga. Ukimhesabu siku nzima shambani, ama watu watalala njaa, ama yeye atafanya kazi mbili na kufikia wiki ya pili ameugua.

Rangi za kokoto zinaonyesha zao. Nyekundu ni kahawa, nyeupe mahindi, nyeusi maharage. Vipande vya chungu kilichovunjika ni vya kazi za matengenezo. Huwezi kutumia herufi ya kwanza ya jina, kwa sababu maharage na mahindi yote ni M, na wajukuu wameshawahi kubishana juu ya hilo. Hata kalamu inapofika zamu yake, Bibi anachora alama tu: duara ni kahawa, mstari uliosimama ni mahindi, nukta ni maharage na msalaba ni matengenezo.

Tatu: hesabu mikono iliyopo, siku kwa siku

Jumapili ya tarehe 1 Juni, baada ya ibada, Bibi aliketi mkekani na kuita wote. Alianza na watu kabla ya kugusa kazi yoyote.

Baba mdogo, kokoto mbili kwa siku. Shangazi, mbili. Mama mdogo, moja, kwa sababu ndiye mwenye jiko. Wajukuu wawili walikuwa bado shule ya bweni, wangefunga mwishoni mwa wiki ile: mvulana wa miaka kumi na saba angepewa mbili, na binti wa miaka kumi na minne moja ya asubuhi tu, mchana ana vitabu vyake. Bibi mwenyewe hakujiwekea kokoto. Kazi yake ni meza za kukaushia kahawa, kugeuza, kuchambua mbovu, kufunika na kufunua, na kazi hiyo haihami kwa mtu mwingine. "Langu msilihesabu," alisema, "mkilihesabu mtalitumia."

Mimi nilikuwa nimetoka Mbeya mjini kwa siku mbili. Nilinyoosha mkono kudai kokoto zangu, akacheka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mimi ya tatu nilikuwa nimeshapanda basi. Hapo kuna kanuni: anayesema "nitakuja kusaidia" haingizwi kwenye hesabu mpaka awe amelala nyumbani. Akija, kazi yake ni nyongeza. Asipokuja, hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ilikuwa na kokoto tano kwa siku, na wiki tatu zilizofuata nane kwa siku. Jumamosi ni siku ya soko, inahesabiwa nusu: mbili wiki ya kwanza, nne baadaye. Jumapili hapana.

Kisha Bibi akafunika kila kisanduku cha Ijumaa kwa kiganja chake na kusema hakiwekwi kitu. Ijumaa ni ya msiba, ya mgonjwa na ya kazi iliyokataa kwisha. Ameiweka Ijumaa kwa makusudi: chochote kilichoteleza tangu Jumatatu kinapata pa kuangukia wiki ileile, badala ya kusukuma wiki inayofuata. Siku tupu ukiiweka Jumatatu, itapita kabla hujajua kama utaihitaji.

Jumla ikawa hivi. Wiki ya kwanza, siku nne za kokoto tano na Jumamosi ya mbili: 22. Wiki tatu zilizobaki, siku nne za nane na Jumamosi ya nne: 36 kila moja. Mpaka tarehe 28 Juni nyumba ilikuwa na kokoto 130 za kutumia. Bibi alizitoa zote kwenye kopo, akazirundika mbele yake, akasema, "Hii ndiyo mali yetu. Hakuna nyingine."

Nne: hesabu kazi, kwa kipimo na si kwa makisio ya macho

Hapa alifunua nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, ambako huwa anaweka kumbukumbu ya kazi iliyokwisha. Kazi haikadiriwi kwa kutazama shamba, maana shamba lina tabia ya kuonekana dogo Jumapili. Inakadiriwa kwa kipimo kinachoshikika: debe, gunia, mistari.

Maharage, ekari moja: kung'oa na kusomba nyumbani kokoto 10, kupiga, kupepeta na kuchambua 12. Jumla 22.

Kahawa, miche 600, inachumwa kwa mizunguko kwa sababu haiivi kwa pamoja. Ukipita wiki hii ukachuma nyekundu, unarudi baada ya wiki mbili hivi kuchukua zilizofuata. Mzunguko wa kwanza wa Juni Bibi aliukadiria debe 12. Mbivu zikiwa chache mtu anatembea sana na kuchuma kidogo, debe moja kwa nusu siku, hivyo kokoto 12, na 4 za kumenya na kuosha. Mzunguko wa pili, debe 30. Mbivu zikiwa nyingi mkono unakwenda haraka, debe moja na nusu kwa nusu siku, hivyo kokoto 20, na 6 za kumenya na kuosha. Jumla ya kahawa 42. Angalia kwamba debe ziliongezeka mara mbili na nusu, lakini kokoto za kuchuma hazikufika hata mara mbili. Ukitumia kipimo kimoja kwa mizunguko yote utakosea pande zote mbili.

Mahindi, ekari mbili, matarajio gunia 30: kuvunja na kumenya maganda 32, kupakia na kusomba kwa mkokoteni 8, kupukuchua kwa kupiga kwa fimbo 30, kukausha, kupepeta na kufungasha 10. Jumla 80.

Mwisho, vipande vya chungu: kukaza meza za kahawa zilizolegea 4, kusafisha ghala na kuziba matundu ya panya 4. Watu husahau kazi hizi kwa sababu hazina zao, halafu zinajitokeza siku yenye haraka kuliko zote.

Jumlisha: 22, 42, 80 na 8 ni 152. Bibi alichukua kokoto kutoka kwenye rundo la mali moja moja, akiweka upande wa kazi. Rundo likaisha. Kazi bado zilikuwa zinadai 22.

Kila mtu aliiona. Baba mdogo, ambaye kila mwaka husema "tutajitahidi", safari hiyo alinyamaza. Naona hapo ndipo kokoto zinapoishinda karatasi: upungufu ukiwa namba, watu wanaweza kuubishia, lakini mkeka mtupu wanauona wote.

Tano: punguza kazi kabla ya kuongeza watu

Njia zilikuwa tatu. Kula Ijumaa, ambayo Bibi alikataa kabla haijasemwa. Kukodi vibarua. Au kutafuta kazi inayokula kokoto nyingi na isiyohitaji macho ya wenye shamba.

Kuchuma kahawa kunahitaji macho, kwa sababu kibarua anayelipwa kwa debe ana sababu ya kuchanganya mbichi na mbivu. Kupukuchua mahindi hakuhitaji. Mashine ya kupukuchua ilikuwa inazunguka kijijini kwa shilingi 2,000 kwa gunia. Gunia 30 ni shilingi 60,000, na nyumba inatoa watu wa kulisha magunzi na kushika mifuko, kokoto 6 tu. Kokoto 30 zikawa 6, yaani 24 zimeokolewa. Kokoto hizo 24 ni siku kumi na mbili za kibarua, ambaye pale alikuwa anadai shilingi 6,000 kwa siku na chakula juu. Hiyo ni shilingi 72,000, na bado Mama mdogo angepika zaidi. Mashine ikashinda.

Kazi ikashuka hadi 128 dhidi ya 130. Zikabaki kokoto mbili, na Bibi akazirudisha kwenye kopo bila kuzitaja tena.

Bei za kwenu zitakuwa tofauti, na pengine kibarua atashinda. Hesabu inabaki ileile: gawanya gharama kwa kokoto ulizookoa, kisha linganisha na bei ya nusu siku ya kibarua. Mashine ya Bibi ilimgharimu shilingi 2,500 kwa kila kokoto, na kibarua 3,000.

Sita: panga kwa kuangalia kinachoweza kusubiri

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote. Kokoto zinawekwa kwenye visanduku kwa kufuata subira ya kila zao, wala si bei yake.

Kahawa haina subira. Ikiiva na kupitiliza inakuwa nyeusi mtini na kuanguka, na ikishachumwa ni lazima imenywe siku hiyohiyo, maana ikilala kwenye gunia inapata joto na harufu mbaya ambayo haitoki tena. Kokoto nyekundu ziliwekwa kwanza: mzunguko wa kwanza Jumatatu na Jumanne, tarehe 9 na 10, wajukuu wakiwa wamefika, wa pili wiki ya tarehe 23.

Kahawa pia inajiwekea miadi yenyewe. Iliyomenywa Jumatatu jioni inavundikwa kwenye ndoo mpaka ule utelezi uachie, na kwa baridi ya Juni ya huku inachukua kama siku moja na nusu, pengine zaidi. Unaijua imefika ukiisugua kiganjani ikakwaruza badala ya kuteleza. Kwa hiyo aliyechuma Jumatatu anadaiwa kuosha Jumatano asubuhi, apende asipende. Kila mara Bibi alipoweka kokoto ya kumenya, aliruka kisanduku kimoja na kuweka ya kuosha, mkono mmoja ukifuata mwingine. Anayesahau hilo anajikuta amewapeleka watu wote shamba la mbali siku ambayo ndoo tatu zinamngoja nyumbani.

Maharage yana subira ndogo. Maganda mengi yakishageuka manjano na kuanza kukauka, una siku chache kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu chini. Yanang'olewa asubuhi yakiwa bado na umande, kwa sababu jua likipanda kila mtikisiko ni hasara. Lakini yakishafika kwenye turubai nyumbani yanapata subira upya, na kuyapiga kunaweza kungoja wiki nzima. Nyeusi 10 zikaenda Jumatatu na Jumanne, tarehe 2 na 3. Zile 12 za kupiga zikasogezwa wiki ya pili.

Mahindi yana subira kuliko yote, na ndiyo sababu yakawekwa mwisho, kuziba mapengo. Jumatano na Alhamisi ya wiki ya kwanza zilikuwa na nafasi 10. Matengenezo yakachukua 8, mahindi yakaanza na 2. Jumamosi 2 nyingine. Wiki ya pili ilikuwa na nafasi 36: kahawa 16, maharage 12, na nyeupe 8 zikapenya katikati, moja hapa, mbili pale, nne Jumamosi. Wiki ya tatu yote ikawa nyeupe. Wiki ya nne kahawa 26, mahindi 8 yaliyobaki. Kokoto moja ya kuosha iliangukia Ijumaa ya tarehe 27. Bibi aliiacha palepale, akisema ndoo moja haiwezi kuifunga siku nzima.

Subira ya mahindi nayo ina mpaka. Yakisimama mno mchwa wanaangusha mabua, na bunzi lililolala chini likipata unyevu linaingia ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Dumuzi na fukusi wanaweza kuanza kazi yao shambani kabla hujavuna. Majirani nao wakishamaliza kuvuna, ng'ombe wanafunguliwa. Bibi anaweka mwisho wa mahindi kabla ya Sabasaba, na amechora mstari mzito kwenye ukurasa wa Julai, tarehe 7.

Saba: kitu ambacho kokoto hazioni

Kokoto zinahesabu mikono tu. Hazihesabu nafasi. Kahawa iliyooshwa tarehe 11 na 12 ingekaa mezani kama wiki mbili, yaani mpaka karibu tarehe 25 au 26. Mzunguko wa pili ungeanza kuingia mezani tarehe 25. Kwa kokoto kila kitu kilikuwa sawa, lakini kwa meza kahawa mbili zingekutana, na mbichi haimwagwi juu ya iliyokaribia kukauka.

Bibi anachora mstari wa mkaa chini ya visanduku, kuanzia siku kahawa inapoingia mezani hadi siku anayotarajia itoke. Mistari miwili ikipishana, kuna tatizo. Ndiyo maana alisisitiza meza zote mbili zikazwe wiki ya kwanza: debe 12 zingetosha meza ndogo, na kubwa ingebaki wazi kwa debe 30. Bila meza ya pili, angelazimika kuuza mzunguko mmoja ukiwa mbivu.

Chora mstari kama huo kwa chochote unacho kimoja: turubai, mkokoteni, mashine ya kumenyea. Turubai lenye maharage mpaka tarehe 12 haliwezi kuanikiwa mahindi tarehe 10.

Nane: bakuli la wiki

Mpango ulipokubaliwa, Bibi alichukua kalamu, akaondoa kokoto kisanduku kimoja baada ya kingine na kuchora alama mahali pake. Kalenda ikarudi ukutani.

Kila Jumapili jioni anahesabu kokoto za wiki inayoanza na kuzitia kwenye bakuli la udongo. Kila usiku baada ya kula, kazi iliyokwisha inatolewa bakulini na kurudi kwenye kopo. Alhamisi usiku bakuli linapaswa kubaki na kokoto za Jumamosi peke yake. Zikizidi, hizo za ziada ndizo kazi ya Ijumaa. Zisipozidi, Ijumaa watu wanapumzika, na hakuna anayeruhusiwa kuwabunia kazi.

Kokoto haihami kwa jasho, inahama kwa debe. Jumatatu ya tarehe 9 wachumaji sita wa nusu siku walitarajiwa kuleta debe sita, wakaleta tano. Kijana alitaka kutoa kokoto sita kwa sababu "tumefanya kazi siku nzima". Bibi alitoa tano. Ile ya sita ilibaki, na Jumanne walipomaliza debe saba zilizosalia walikuwa wametumia kokoto nane badala ya sita zilizopangwa. Bibi akaandika nyuma ya kalenda: debe 12, kokoto 14. Pengo la kokoto mbili lilijazwa na mahindi yaliyopangwa siku hizo, ambayo yakasogea Ijumaa.

Dalili ya kwamba mpango umekosewa tangu mwanzo ni bakuli kubaki na ziada wiki mbili mfululizo, wakati hakuna mgonjwa wala msiba. Hapo usiwasukume watu. Rudi kwenye kipimo, kuna debe au gunia ulilolipunja.

Tisa: msiba wa tarehe 17

Wiki ya tatu, Jumanne, jirani alifiwa na mama yake. Kwetu hakuna anayekwenda shamba maiti ikiwa ndani kwa jirani. Jumanne na Jumatano zikafungwa, kokoto 16 zikabaki bakulini.

Alhamisi usiku Bibi alishusha kalenda. Ijumaa ilimeza 8. Zilizobaki 8 hazikuwa na pa kwenda wiki ile, na wiki ya nne ilikuwa na nafasi mbili tu, zile kokoto mbili ambazo hakutaka zitajwe. Akaziweka hapo. Zikabaki 6.

Kwa kuwa wiki ile ilikuwa nyeupe tupu, kilichochelewa ni mahindi. Hakugusa kahawa. Alichagua kazi yenye subira kuliko zote hata ndani ya mahindi: kukausha na kufungasha, akatoa 6 kati ya kokoto zake 10 na kuzipeleka ukurasa unaofuata, kuanzia Jumatatu ya tarehe 30. Mashine ilikuwa imeahidiwa mapema wiki ya nne. Baba mdogo akatumwa kwa mwenye mashine kuomba isogee hadi Jumamosi ya tarehe 28. Jumamosi ina nafasi nne tu, na mashine inataka sita, kwa hiyo safari ya soko ya wiki hiyo ilifutwa na chumvi ikaazimwa.

Kama angekuwa ameanza na mahindi kwa sababu ndiyo kazi kubwa, kama wengi wanavyofanya, msiba ungeangukia kahawa. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilipoteza sehemu ya mzunguko wake hivyohivyo.

Kufungasha nako hakukufanywa kwa tarehe bali kwa kipimo. Bibi anatia mahindi kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, kama theluthi yake, anaongeza kijiko cha chumvi kavu na kutikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na hapo anaanika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yawe na unyevu wa kama asilimia 13. Ndipo yanaingia kwenye mifuko ya kinga njaa na kufungwa. Kokoto 6 zilizohamia Julai zilikwisha kabla ya mstari mzito wa tarehe 7.

Kumi: nyuma ya kalenda

Karatasi ya Juni haikutupwa. Nyuma yake Bibi aliandika kila kazi kwa namba mbili, iliyopangwa na iliyotumika. Kuchuma debe 12: 12, 14. Kuchuma debe 30: 20, 21. Kung'oa maharage: 10, 9. Kupukuchua kwa mashine: 6, 6. Kuvunja na kumenya mahindi: 32, 35, na pembeni amechora ng'ombe mdogo, maana mkokoteni ulichelewa na watu wakakaa.

Mwaka wa kwanza wa kutumia kokoto hutakuwa na karatasi kama hiyo. Chukua nusu siku moja kabla ya msimu kupamba moto, mpe mtu mmoja wa kawaida, asiye hodari wala mvivu, kazi moja ya kila aina, kisha pima alichomaliza: debe ngapi, mistari mingapi. Ongeza kokoto moja kwa kila tano kwenye hesabu ya mwaka huo wa kwanza. Mwaka wa pili utakuwa na namba zako mwenyewe, na za Bibi hutazihitaji.